Daftari la kazi: andika unachotegemea kabla hujajua kilichotokea

*"Shikamoo kaka. Nipo Masasi ghala la korosho, msimu uliopita ulikuwa wa nne kwangu. Nilianza mizani, sasa hivi ni msaidizi wa mtunza ghala. Nina daftari naandika mafanikio na mafunzo toka mwaka juzi ila nikilifungua naona tu 'leo tumepokea malori 14', 'bosi kanisifia', 'nijifunze kuwa makini'. Sasa nina ofa mbili, usimamizi wa ghala Lindi mjini na ukaguzi wa ubora kiwanda cha kubangua Mtwara. Hili daftari linanisaidiaje kuchagua? Au naandika vibaya?"*

Marahaba mdogo wangu. Unaandika vibaya ndiyo, ila usijisikie vibaya manake nimekaa upande wa kuajiri huku kusini miaka mingi na madaftari ya watu niliyoonyeshwa karibu yote yako hivyohivyo. Hebu liangalie hilo la malori 14. Yangepokelewa hata kama siku hiyo ungelala nyumbani na homa, mizani ingesomwa na mwingine na tiketi zingetoka. Kwahiyo huo mstari unaeleza ghala, wewe humo haumo. "Bosi kanisifia" nayo inamweleza bosi, labda siku hiyo alikuwa kalipwa deni lake. Na "nijifunze kuwa makini" haina pa kushika kabisa, makini kwenye nini, siku gani, ulifanya nini kilichokosa umakini?

Daftari linaanza kukusaidia kuchagua kazi pale unapoandika uamuzi wako au ushauri wako siku ileile, kwa nini uliona hivyo, na unategemea nini kitokee, kwa namba na tarehe, KABLA hujajua kilichotokea. Halafu unaacha nafasi wazi chini. Siku matokeo yakija unarudi kujaza. Mengine yote ni nyongeza tu, ukishika hili moja umemaliza robo tatu ya kazi.

Kwa nini kabla? Kwasababu kichwa chetu kinachakachua kumbukumbu bila hata kutuaga. Kuna wanasaikolojia wawili, Baruch Fischhoff na Ruth Beyth, walifanya jaribio zuri sana mwaka 1972 wakati Rais Nixon wa Marekani anajiandaa kwenda Peking na Moscow. Wakawaambia wanafunzi wa chuo kule Israeli wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea kwenye hizo safari. Safari zikaisha, wakawarudia na kuwaambia hebu kumbukeni mlikadiria ngapi. Watu wakakumbuka kwamba yale yaliyotokea walikuwa wameyapa uwezekano mkubwa kuliko walivyoandika kweli mwanzoni. Hawakuwa wanadanganya, ndivyo walivyokumbuka. Sasa mtu anayekaa mwezi wa pili msimu umeisha na kuandika "nilijua ule mzigo utaleta shida" anafanya kitu hichohicho, na akitumia hiyo "nilijua" kuchagua kazi anachagua kwa ushahidi alioutengeneza mwenyewe. Peter Drucker, yule mzee wa mambo ya menejimenti, naye alikuwa na utaratibu huo maisha yake: kila uamuzi mkubwa anaandika anategemea nini, baada ya miezi 9 mpaka mwaka anafungua kulinganisha. Kwetu huku msimu wa korosho unatufanyia hiyo hesabu wenyewe, mzigo unaingia mwezi wa kumi, wa pili umeshatoka, majibu unayo.

Ngoja nikuonyeshe lilivyo kwa vitendo. Kuna binti mmoja alikuwa karani wa ghala upande wa Nachingwea, alikuja kuniuliza swali linalofanana na lako, yeye ofa yake ilikuwa kusimamia usafirishaji Dar, malori, mshahara mzuri. Alikuwa na kaunta buku, ile ya kawaida ya kwaya mbili. Ukurasa mmoja ulikuwa hivi (ameniruhusu, nimeondoa majina tu):

*14/11. Mzigo wa AMCOS M, tani 40. Nimepiga bambo magunia ya juu, katikati na chini, unyevu wastani 12. Nimeshauri urudi ukaanikwe. Mkubwa kasema tupokee, foleni ndefu. Nategemea ukitoka na 9.5 utakuwa umepungua kilo 1,100 hivi. Uhakika 8/10. Kuangalia: siku ya kutoa mzigo. Kauli: ya mkubwa. Mkono wangu: kupima, kushauri. +*

Chini kaacha mistari kama minne wazi. Halafu kwa peni nyingine:

*9/12. Umetoka. Unyevu 9.6. Umepungua kilo 1,070.*

We upo ghalani hii hesabu unaijua lakini niwaelezee wengine. AMCOS ni chama cha ushirika cha wakulima, na bambo ni kile chuma cha kuchoma gunia kutoa sampuli. Korosho ghafi za kuhifadhi zinatakiwa unyevu usizidi 10 hivi kwa mia, zikiingia na 12 zitaendelea kukauka humo ndani au zitaota ukungu. Ile sehemu kavu haibadiliki. Tani 40 zenye unyevu wa 12 zina sehemu kavu ya 88 kwa mia, yaani kilo 35,200. Zikifika unyevu wa 9.5 hizo kilo 35,200 zinakuwa ndo 90.5 kwa mia ya mzigo wote, ukigawa unapata kilo 38,895 hivi. Kwahiyo kilo 1,100 na kidogo zimeenda hewani, hakuna aliyeiba. Ndo huo unyaufu watu wanaogombania kila msimu, na mtunza ghala ambaye hakuandika unyevu wa kuingia anaonekana mwizi.

Sasa angalia kile kiandiko kina nini. Kina kitu alichofanya yeye (kupima na kushauri), na kina kitu ambacho hakikuwa mikononi mwake (uamuzi wa kupokea), na kavitenganisha. Angeandika "tulipokea mzigo mbichi, funzo: tusipokee mzigo mbichi" asingepata chochote, kwasababu kupokea hakukuwa kwake. Kina makadirio yenye namba ambayo yanaweza kuwa ya uongo, hii ni muhimu, "nategemea itapungua" haiwezi kukosea, "kilo 1,100" inaweza. Kina uhakika wake kwa kumi. Na kina ile alama ya + mwishoni ambayo maana yake ni kwamba pamoja na ubishi wa siku ile hiyo kazi ya kupima ilimwacha na nguvu, angekuwa ametoka amechoka mpaka anaichukia angeweka –. Alama unaiweka jioni ileile, usiiache mpaka kesho, kesho utaanza kujieleza.

Tukafungua kurasa nyingine. Kiandiko kingine anasema malori sita ya mnunuzi yatamaliza kupakia Alhamisi, uhakika 9/10. Yakamaliza Jumapili. Wiki mbili mbele tena, malori yatatoka Jumanne, uhakika 8/10, yametoka Ijumaa. Na tena. Tulivyomaliza daftari picha ikaja yenyewe: makadirio yake ya mzigo, unyevu, uzito, daraja, yalikuwa yanapiga au yanakaribia sana, na ya malori na watu yalikuwa yanamkataa karibu kila mara huku uhakika wake ukiwa juu. Na alama zilifuata hukohuko, siku za bambo na kupasua sampuli zimejaa +, siku za malori zimejaa –. Na ofa aliyokuwa anataka kuikimbilia ilikuwa ya malori.

Ila hapo usiharakishe kuhukumu, na ndipo watu wengi wanapokosea wakisoma madaftari yao. Kukosea makadirio ya malori kunaweza kumaanisha wewe hujui malori, au kunaweza kumaanisha malori yenyewe hayatabiriki kwa mtu yeyote. Ukichanganya hivyo viwili unaweza kukimbia kazi unayoiweza. Njia ya kutofautisha ni kurudi kwenye zile nafasi za chini na kuangalia sababu ya kukosea ni ipi. Kwake yeye lori moja liliharibika njiani, hilo la Mungu. Lakini mara tatu lori limesubiri kwasababu hati ya kutolea mzigo haikufuatiliwa mapema, na kufuatilia hiyo hati kulikuwa kwake, alikuwa anaiacha mpaka siku yenyewe kwasababu haipendi kazi ya kupigapiga simu. Hiyo sasa ni habari yake. Na kulikuwa na mwenzake mmoja ghala hilohilo, malori yaleyale, ambaye alikuwa anakadiria vizuri. Kwahiyo tukasema sawa, hapa daftari linasema kitu. Ofa ya Dar akaiacha, akaomba ya ukaguzi.

Na kuna upande wa pili wa hiyo shilingi, mafanikio ya msimu. Msimu ukiwa mzuri kila mtu daftari lake linang'aa, ukiwa mbaya kila mtu anaonekana kilaza. Waliokuwepo 2018 wanakumbuka, minada ilisimama, mwezi wa 11 serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kubeba mzigo. Karani aliyekuwa amepanga ghala lake vizuri kabisa kwa ajili ya wanunuzi wa mnada, makadirio yake yote ya tarehe za kutoa mzigo yalienda na maji. Akijipima kwa matokeo atasema mi sijui kupanga. Akijipima kwa sababu alizoandika siku anapanga ataona alipanga vizuri kwa aliyoyajua siku ile. Ndo maana lazima uandike na KWA NINI, sio unachotegemea tu. Ukiwa na sababu unaweza kujiuliza maswali mawili tofauti, nilifikiri sawasawa? na, ilitokea nilivyotaka? Mara nyingi majibu hayafanani na lile la kwanza ndo linalokwenda na wewe kwenye kazi mpya, la pili linabaki na msimu wake. Hata hii mifumo inabadilika, msimu wa 2024/25 minada ikahamia kwenye mfumo wa TMX, lile soko la bidhaa la mtandaoni, mtu ambaye mafanikio yake yote kayaandika kama "nilijua kuongea na wanunuzi siku ya mnada" lazima ajiulize upya ni nini hasa alichokuwa anakijua.

Turudi kwako. Usiandike kila siku, utachoka wiki ya tatu na utaanza kujaza malori 14. Andika siku ukiamua kitu, ukishauri kitu au ukikataa kitu ambacho matokeo yake yatakuja baadaye. Msimu ukiwa umechangamka utapata viwili vitatu kwa wiki, vinatosha kabisa. Kila kimoja dakika tano. Halafu siku moja ya wiki, Jumamosi mchana labda, unapitia zile nafasi zilizoiva unazijaza. Kama peni na karatasi vinakushinda jitumie mwenyewe meseji WhatsApp, ina faida moja kubwa kwamba muda unajiandika na huwezi kuuhamisha, ila matokeo uyajibu palepale chini ya meseji yenyewe, sio mpya, vinginevyo utavipoteza. Binafsi napenda daftari kwasababu simu za huku zinaibiwa, zinaanguka baharini Shangani, na daftari hakuna anayelitaka.

Kitu cha tahadhari hapa: usiandike majina ya wakulima, namba zao za simu wala akaunti, na usipige picha stakabadhi na hati za ghala ukazihifadhi kwako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na mbali na sheria ni mali ya mwajiri. Andika AMCOS M, mnunuzi K, inatosha, wewe unahitaji kukumbuka kazi yako tu. Na daftari likae nyumbani, lisikae mezani ghalani. Kuna mambo utaandika kuhusu maamuzi ya mkubwa ambayo yakisomwa na mtu asiyehusika yatakuletea kesi bure.

Utajuaje daftari limeharibika? Kwa uzoefu wangu kuna dalili mbili. Ya kwanza, huoni makadirio yaliyokosea. Daftari la msimu mzima ambalo mtu hajakosea hata mara moja basi limeandikwa baada ya matokeo, au mwenyewe anakadiria vitu ambavyo vinajulikana, "nategemea mwezi wa 11 tutapokea mzigo". Ongeza ugumu. Ya pili, viandiko vyote viko siku za hasira. Mtu kagombana na dereva anaandika kurasa mbili, wiki nzima iliyofuata kazi imeenda vizuri hajaandika hata mstari. Akija kusoma mwishoni anaona kazi ni mateso matupu anaacha kazi nzuri kwa ajili ya madereva watano. Dawa yake ni ile ile, kinachokuruhusu kuandika ni uamuzi, hasira peke yake haitoshi. Ukikasirika na hakuna ulichoamua, nenda kanywe chai.

Sasa hizo ofa mbili. Kabla hujafungua daftari lolote chukua karatasi, gawa mara mbili, upande mmoja Lindi upande mwingine Mtwara, andika mtu mwenye hicho cheo anafanya nini toka asubuhi mpaka jioni. Usitumie tangazo la kazi, matangazo yote yanasema "awe mchapakazi na mwenye kujituma". Mtafute anayeifanya, mpigie, muulize jana umefanya nini. Cheo hakina uzito kwenye daftari, kazi za kutwa ndo zina uzito. Nikikisia kwa ninavyozijua, msimamizi wa ghala anakaa na funguo, anapanga makuli na zamu, anahesabu mzigo uliopo aulinganishe na vitabu, anagombana na madereva wa pande zote, na anasaini. Hiyo ya kusaini itazame vizuri, ukisaini stakabadhi mzigo ukipungua wewe ndo unaulizwa kwanza. Na Lindi ukumbuke kuna ufuta pia katikati ya mwaka, kwahiyo mapumziko ya msimu hayawi kama ya Masasi ulivyozoea kwenye korosho peke yake, inategemea na ghala lenyewe. Mkaguzi wa ubora kiwandani anapiga bambo, anapima unyevu, anahesabu korosho kwa kilo, anapasua sampuli, anatenga viini vizuri, vyenye madoa na vilivyooza, anapiga hesabu mpaka anapata paundi za kiini kwa gunia la kilo 80, anaandika ripoti. Halafu, na hii wengi hawaifikirii, anasimama mbele ya mtu aliyeshasafirisha mzigo toka Tandahimba na kumwambia huu siupokei. Anaweza kuwa ni rafiki wa mwenye kiwanda.

Ukishakuwa na hizo orodha ndo unafungua daftari na kutafuta kila kazi moja moja: hii nimewahi kuifanya? makadirio yangu yalikuwaje? alama gani? Utagundua sehemu kubwa ya mistari yako haina jibu kwasababu ya malori 14. Basi usilitupe, lifufue kidogo. Nenda kwenye meseji zako za zamani, kule ambako unamwandikia mkubwa "huu mzigo mi naona una unyevu" au "makuli wa leo hawatoshi tuongeze", zina tarehe na ziliandikwa kabla ya matokeo, hizo ni makadirio halali kabisa hata kama hukujua ulikuwa unakadiria. Zichukue hizo, uandike na kilichotokea. Zile ambazo unazikumbuka kichwani tu bila maandishi ziweke ukurasa wa nyuma peke yake, zisichanganyike, kwa ajili ya ile habari ya wanafunzi wa Israeli. Ukipata viandiko kumi vya kweli, vitano vya mzigo na vitano vya watu, una zaidi ya walichonacho waombaji wengi niliowahi kukaa nao mezani.

Daftari lina mpaka wake hapa. Haliwezi kukuambia chochote kuhusu kazi ambayo hujawahi kuigusa. Kama misimu yote minne hukuwahi kupasua sampuli, basi kutokuwepo kwa + kwenye ukaguzi haimaanishi huupendi, maana yake hujui. Usilazimishe daftari liseme. Hapo unatafuta kazi ndogo ya kuazima: mwombe hao wa kiwanda ukakae siku mbili kwenye meza ya sampuli kabla hujajibu, wengi hawakatai, ni faida kwao pia. Ukiwa pale usikae kuangalia. Kabla sampuli haijapasuliwa ziangalie zile korosho, zipime mkononi, andika pembeni "hii naona itatoa paundi 47, uhakika 6/10", halafu subiri. Hesabu yenyewe ni rahisi, kwenye kilo moja ya korosho ghafi wanachukua gramu za viini vizuri, wanaongeza nusu ya gramu za vyenye madoa, wanazidisha kwa 0.176. Kwa mfano vizuri gramu 258, madoa gramu 24, inakuwa 258 na 12 ni 270, ukizidisha inakuja 47 na nusu. Usijali kama siku ya kwanza unakosea paundi tatu nne, kila mtu anakosea. Angalia kama mchana unakosea kidogo kuliko asubuhi, na angalia jioni unaweka alama gani. Upande wa Lindi nao fanya vivyo hivyo, omba mtunza ghala wako wa sasa akuachie makuli na ratiba ya kupakia wiki moja ya ufuta au mbaazi, yeye akae pembeni. Makadirio matano ya "watamaliza saa ngapi" yatakufundisha kuliko mimi.

Kuhusu pesa, kama tofauti ya mshahara ni kubwa kiasi kwamba ada ya watoto inategemea hapo, basi chagua pesa na daftari liendelee kazini kwako hukohuko. Sioni aibu kwenye hilo. Daftari linasaidia pale ofa zinapokaribiana.

Na kitu cha ziada, ukienda kwenye intavyuu yoyote ya hizo mbili usiseme "nina uzoefu wa miaka minne na ni makini sana". Chukua kiandiko kimoja kizuri useme kama kilivyo. Yule binti alisema hivi: "Mzigo wa tani 40 uliingia na unyevu wa 12, nikakadiria utapungua kilo 1,100, ulipotoka ulikuwa umepungua 1,070." Kimya mezani. Halafu wakamuuliza, na uliokosea? Akawapa wa malori, na sababu ya hati. Nilikuwepo upande wa pili wa meza, na nakwambia lile jibu la pili ndilo tulilolijadili alipotoka nje, kwasababu waombaji wengine wote waliulizwa swali hilohilo na wakasema udhaifu wao ni kufanya kazi kupita kiasi.

Waombe wote wawili wakupe mpaka mwisho wa mwezi kujibu, ukiwaeleza unataka kuja kukaa siku mbili kwao uone kazi. Akikataa mmoja na mwingine akakubali, hilo nalo liandike, na tarehe.